Wateja Waliosubiri Ijumaa

Mpaka leo nikisikia spika ya dukani inalia punguzo, punguzo, leo tu, mwisho leo, naziba masikio na kuvuka barabara. Wajukuu wanacheka. Wanasema bibi kazeeka, hata kelele za mjini zinamuudhi. Si kelele. Bajaji zinapiga kelele na mimi nazipenda, zinanifikisha ninakokwenda. Ninachokionea kinyaa ni ile sauti ya punguzo, kwa sababu niliiona ikila duka la binti yangu mchana kweupe, na duka lenyewe limejaa watu hadi mlangoni.

Duka lilikuwa hapa Mtwara mjini, si mbali na soko. Fremu moja, nyembamba, ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Aliuza khanga na vitenge, na madera machache ya kutundika mlangoni yapepee watu wayaone. Mwenye fremu hakutaka habari za kodi ya mwezi mwezi. Alitaka ya mwaka, kwa mkupuo, Januari. Ukikosa anakuonyesha mlango kwa upole kabisa, maana wanaoitaka fremu ile wamepanga foleni. Kwa hiyo mwaka mzima wa binti yangu ulikuwa unatembea kuelekea Januari. Korosho ziende mnadani, wakulima walipwe, waje mjini na hela zao, wanunue, na katika faida ya msimu ule kodi ipatikane. Miezi mingine duka lilijilisha lenyewe tu, na kutulisha sisi chumvi na sabuni.

Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Kazi yangu ilikuwa kukunja khanga wanazozifunua, kusalimiana, na kuangalia mikono ya watu. Shule nimeishia darasa la tatu. Sikufukuzwa, shule yenyewe ndiyo iliyonikimbia, mwalimu alihamishwa na kule kwetu Msimbati hakuja mwingine kwa muda, na aliyekuja mwishowe alinikuta nina mchumba. Hayo si ya hapa. Nasema tu kwamba hesabu zangu ni za vidole, lakini za nguo nazijua.

Kabla sijafika kwenye uchafu wenyewe, nitenganishe vitu viwili, kwa sababu watoto wa siku hizi wanavichanganya. Kupatana bei si punguzo. Mteja anakuja, anashika doti ya khanga, anasema ghali. Unamwambia haishuki. Anageuka kuondoka, polepole, ili umwite. Unamwita. Unamtolea mia tano kwa kuwa mama yake alikuuguza, au kwa kuwa ameongea vizuri, au kwa kuwa jua linazama. Mnacheka, anaondoka. Ile mia tano ni yenu wawili. Aliyeko nje hajaisikia, na akiingia mnaanza upya. Bei imebaki bei. Lakini ukitundika tangazo na kuweka spika, umewaambia watu wote kwa pamoja kwamba bei ya jana haikuwa na maana. Hilo huwezi kulirudisha mdomoni.

Punguzo lilikuja na mkwe wangu. Ni mtu wa bara, ana kazi bandarini, kijana wa heshima, hajawahi kukaa mahali pa juu nikiwa nimekaa chini. Sitaki msomaji amchukie bure. Na mara ya kwanza alikuwa sahihi, nasema hivyo nikiwa na akili zangu.

Ilikuwa mwezi wa nane, korosho bado ziko mtini. Rafu nzima ya juu ilikuwa na vitenge vya rangi ya ugoro, vina maua makubwa kama masufuria, binti yangu alidanganywa na yule muuzaji wa jumla wa Dar kwamba ndiyo mtindo unaokuja. Haukuja. Vitenge vile vilikaa masika na kipupwe, mimi ninapangusa vumbi tu. Na zilikuwepo khanga ambazo kila nyumba ilikuwa nazo tayari, hakuna wa kuzinunua tena. Mkwe akaja jioni akitoka kazini, akakaa kwenye ngazi, akasema, "Mama, hivi vitu hapa juu vinakula hela yenu."

Binti yangu akamjibu, "Havili chochote, vimekaa tu."

"Kukaa ndiko kula kwenyewe. Hela yako imelala pale juu na vumbi, na mwezi wa kumi utahitaji mali mpya. Utanunua kwa nini? Viuze hata kwa bei uliyonunulia. Siku tatu, kisha basi."

Nikasema, "Vikiuzwa kwa bei ya kununulia faida iko wapi?"

Akanigeukia kwa adabu. "Faida ya hivi imeshakufa, mama. Tunaokoa maiti isituozee ndani."

Tukafanya. Tulitundika kipande cha kitambaa chekundu mlangoni, na mimi mwenyewe niliwaambia watu ukweli, hizi ni za zamani, tunasafisha rafu, siku tatu. Khanga mpya hazikuguswa, zilibaki na bei yake. Walikuja akina mama ambao sikuwahi kuwaona, wale wa mitumba, ambao kitenge kipya kwao ni cha harusi. Mmoja alichukua vile vya maua ya masufuria akashone mapazia. Siku ya tatu jioni tukashusha kitambaa, na ya nne asubuhi alipokuja mtu kutaka bei ya jana tukamwambia imekwisha, na ikawa imekwisha kweli. Rafu ikawa tupu. Binti yangu akapanda basi kwenda Dar na hela mkononi, akarudi na mali nzuri, na msimu ule wa korosho ulitunyookea hata nikanunuliwa miwani.

Basi hapo pangeishia pangekuwa pazuri. Lakini binti yangu alikuwa ameonja ile siku ya duka kujaa. Kujaa kwa duka ni pombe, nakuambia. Unaona vichwa tu, mikono tu, unaitwa huku na huku, unajiona mtu mkubwa. Ikaja Januari, kodi imelipwa, duka limepoa kama linavyopoa kila mwaka, na yeye hakuweza kuvumilia ukimya. Akasema, tufanye tena, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, watumishi wakiwa wamepata mshahara.

Nikamuuliza, "Tunasafisha nini? Rafu ni safi."

"Tunachangamsha, mama."

Wakachangamsha. Januari, Februari, Machi. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi kitambaa chekundu kinapanda, na sasa hakikuchagua, khanga iliyofika juzi na ya mwaka jana zote zinashuka. Mkwe akaleta spika, ameirekodi sauti yake mwenyewe, inarudia maneno yale yale kuanzia asubuhi mpaka swala ya Ijumaa msikitini inapita. Nilikuwa nasali huku naisikia kichwani. Astaghafiru.

Watu wakajaa. Binti yangu akafurahi. Mimi kwenye kigoda changu nikaanza kuangalia sura, na sikuona mgeni hata mmoja. Ni wale wale. Yule mwalimu aliyekuwa anakuja katikati ya mwezi, sasa anakuja Ijumaa. Yule mama wa vitumbua aliyekuwa ananunua akipata, sasa anaweka hela mpaka Ijumaa. Hatukuongeza mtu, tulihamisha siku, na kwa kuhamisha tukawalipa. Siku nyingine zote duka lilikuwa la nzi.

Na walianza tabia moja ambayo sijaisamehe mpaka leo. Mteja anakuja Jumatano, anachagua doti yake, anaipenda, kisha badala ya kununua anaichomeka chini kabisa ya vitenge vya mashati ya wanaume, nyuma, isionekane, ili Ijumaa aikute. Nilikuwa nakunja mali, nakuta khanga za watu zimefichwa kama mayai ya kuku. Nikamshika mmoja mkono wake ukiwa bado ndani ya rafu. Mtu mzima, ana wajukuu.

"Unafanya nini, shoga?"

Hakushtuka hata kidogo. "Naihifadhi."

"Inunue."

"Leo Jumatano, mama. Kwani mimi mwehu?"

Binti yangu akacheka. Mimi sikucheka. Nilimwita ndani nikamfanyia hesabu ya vidole. Nikamwambia, doti hii mpaka imefika hapa imekula elfu tisa. Unaiuza kumi na mbili, tatu ni yako. Ijumaa unaiuza kumi. Umemwachia mteja mbili, anaona ni kidogo, lakini kwako imebaki moja. Sasa ili upate ile faida ya doti moja ya Jumatano, uuze doti tatu za Ijumaa. Je, wanakuja mara tatu?

Akaikunja ile doti. Kisha akasema, "Mama, nikiacha watahamia kwa jirani."

Hilo nalo lilikuwa kweli, kwa sababu jirani, baada ya kuona kitambaa chetu, alikuwa ameshatundika cha kwake. Sokoni ujinga unaambukiza kama upele.

Mkwe alijaribu dawa nyingine. Akaja na karatasi za bei, ameandika kumi na nne, amekata kwa mstari mwekundu, chini yake kaandika kumi na mbili. Yaani bei ileile ya siku zote, imevishwa nguo ya punguzo. Niliziangalia karatasi zile nikahisi kama mtu ameninyima chakula na kuniambia nimekula. Nikamwambia, baba, kwenu bara labda. Wanawake wa hapa bei ya khanga wanaijua kuliko umri wa watoto wao. Akazibandika hivyohivyo. Mteja wa kwanza alisoma, akamwita mwenzake, wakasoma wote wawili wakicheka hadi wakashikana mabega. Jioni karatasi zikatolewa, lakini tangu hapo hata tukisema kweli tulionekana tunauza maneno.

Sasa nifike kwenye sare, ndiyo iliyotuzika.

Kwetu mwali hatoki ndani bila sare. Wasichana wakichezwa unyago, likizo ya Desemba mara nyingi, kwa kuwa shule zimefungwa na korosho zimelipwa, mama zao na mashangazi na majirani wote wanavaa khanga ya aina moja siku ya kuwatoa wali hao. Anayechagua ni kungwi. Akisema hii, ndiyo hiyo, hakuna wa kuvaa nyingine. Kwa mwenye duka, kungwi ni mteja mmoja mwenye migongo mingi.

Kungwi niliyemzoea anakaa Mtawanya, pale mji unapoishia. Tumezeeka pamoja. Ndiye aliyemcheza binti yangu huyuhuyu, kwa hiyo binti yangu mpaka leo anamwita somo na hamtazami machoni moja kwa moja. Msimu uliofuata, korosho zikiwa zimeanza kuuzwa, akaja dukani na wasaidizi wake wawili, wakafunua kila kitu, wakaninyima usingizi wa mchana, na mwisho akaweka kidole juu ya khanga moja ya zambarau yenye pindo la manjano.

"Hii," akasema. "Nataka ya watu wangu wote. Wali ni wengi mwaka huu."

Binti yangu akauliza kwa sauti ya chini, "Bei, somo?"

"Bei si naijua. Lete kwanza."

Binti yangu akatia mtaji wake wote. Sisemi karibu wote, wote. Akaenda Dar, akarudi na robota zima la zambarau na manjano. Akalifungua, akalipanga, duka likang'aa kama kidonda kibichi. Na kodi ya Januari ilikuwa ndani ya robota lile, kila mtu nyumbani alijua. Likiuzika kwa bei yake, fremu ni yetu mwaka mwingine. Likiuzika kwa bei ya Ijumaa, tutarudisha mtaji, basi.

Tukasubiri.

Hawakuja. Malipo ya korosho yalitoka, nikawaona watu wa vijijini wamejaa mjini, wananunua mabati, wananunua redio, wananunua mpaka magodoro wanayapakia kwenye bodaboda. Wanapita mbele yetu, wanatupa jicho ndani, wanaona zambarau iko, wanapita. Wakati wa kuuza kuliko wakati wote wa mwaka, hela ziko mfukoni mwa watu, na sisi tunapangusa vumbi.

Nikachukua bajaji nikaenda Mtawanya kwa kungwi. Nilimkuta anamenya mihogo. Sikuzunguka.

"Watu wako wako wapi?"

"Wapo."

"Sare mmeighairi?"

"Nani kaghairi? Ile ile."

"Sasa mbona hawaji?"

Akaendelea na kisu chake. "Wanasubiri Ijumaa yenu."

"Wana hela sasa hivi, shoga. Hela ya korosho. Kwa nini wanasubiri?"

Hapo akaniangalia. "Wewe ulikuwepo mwezi wa sita, au ulikuwa umelala? Yule mama wa barabarani si alinunua sare ya ngoma kwenu Alhamisi kwa bei kamili? Na kesho yake wenzake wote wakanunua pungufu? Ulisikia alivyoimbwa?"

Nilikuwepo. Walimtungia wimbo palepale ngomani, mama tajiri, mama anatupa hela baharini, na wote wanazunguka wamemweka katikati, amevaa khanga ileile waliyoivaa wao. Alicheka kwa meno tu. Kwetu kuimbwa ngomani si mchezo, unaweza kuhama kitongoji.

"Basi," kungwi akasema, "hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Hela siyo shida. Kila mmoja anamwogopa mwenzake. Nyie ndio mliotufundisha."

Nilirudi mjini nikijilaumu. Muda wote nilikuwa nawachukia wateja kwa uroho, kumbe uroho ulikuwa kidogo tu. Walikuwa wanajikinga na aibu tuliyoitengeneza sisi, kwa spika yetu. Nikamwambia binti yangu na mumewe, shusheni kitambaa. Tangazeni, kwa mdomo, kupitia kwa kungwi mwenyewe, kwamba zambarau haitashuka mpaka wali watoke, na akisikika mmoja ameuziwa pungufu, kila aliyenunua atarudishiwa tofauti. Hapo hakuna wa kuimbwa. Wote wamenunua bei moja.

Mkwe akaniunga mkono, nampa haki yake. Akasema, "Mama amesema jambo la maana. Ila tuwe tayari, Ijumaa hii itakuwa mbaya."

Kungwi akaupeleka ujumbe, na kweli ilikuwa mbaya. Ijumaa ya mwisho wa Novemba walikuja wengi, wakakuta mlango hauna chekundu wala spika. Walisimama barabarani kama watu waliofika msibani wakamkuta maiti anakula. Mmoja akaingia.

"Leo vipi, mmesahau?"

"Hatujasahau," binti yangu akasema. "Hakuna punguzo tena."

"Mpaka lini?"

"Hakuna tena, dada."

"Sawa. Nitapita wiki ijayo."

Wote walisema vile. Sawa, tutapita. Hawakukasirika, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi. Hawakuamini tu. Tulikuwa tumewaambia mwisho leo kwa mwaka mzima, na kila mwisho wetu ulikuwa na mwezi mwingine nyuma yake, kwa nini waamini mwisho huu?

Siku zikaenda. Wali walikuwa watolewe Jumapili fulani ya Desemba, kila mtu anaijua. Kadiri Jumapili ile ilivyokaribia, mimi nilitulia, kwa sababu nilijua wao pia wanabanwa. Watavaa nini? Binti yangu alikuwa anabanwa upande wake. Hakuwa anakula. Robota la sare likipita siku yake halina mtu wa kulitaka, kikundi kingine hakivai zambarau ya wenzao. Jirani akawasha spika yake siku ya Alhamisi, hana hata khanga ile, anauza ndoo na sahani, lakini sauti ile ilimwingia binti yangu kwenye mifupa. Nikamwambia jioni ile, vumilia, bado siku mbili, hawana pa kwenda. Akaniambia, "Mama, na wao wakivumilia?"

Ijumaa asubuhi nilichelewa kwa sababu ya goti langu. Nilipofika mtaani niliona chekundu kutoka mbali.

Sitaki kusema sana kuhusu siku ile, lakini niseme, maana ndiyo ninayoiota. Walijaa mpaka ngazini. Walivuta khanga kutoka pande mbili, khanga mbili za doti moja zikitenganishwa, wakizikanyaga. Mtoto mmoja alikuwa na samaki wa kukaanga mkononi, akajifuta kwenye mpya, mama yake akaikunja upande wa doa ndani akairudisha rafuni akachukua safi. Jasho, unga wa uso, mafuta ya nazi. Wananiita mama, mama, huku wananisukuma kigodani. Na binti yangu katikati, anapokea hela kwa mikono miwili, anacheka kicheko cha mtu mwenye homa. Ukipita nje ungesema hakuna duka lenye baraka Mtwara nzima kama lile. Mpaka alasiri robota lilikuwa limekwisha.

Kungwi alikuja mwisho kuchukua yake na za wasaidizi. Alikaa karibu yangu, anapepea uso kwa ncha ya khanga.

"Leo mmetukuta njiani," akasema.

"Njiani wapi?"

"Tulikubaliana jana pale kwangu, tuje leo saa nne wote pamoja, tununue kwa bei yenu. Siku za kusubiri si zilikwisha? Na tukinunua pamoja nani atamwimba nani? Watu walikuja na hela kamili. Tulipokata kona tukaona kitambaa."

Binti yangu alikuwa amesimama palepale, anasikia. Akasema, "Somo, ungetuma hata mtu."

"Na wewe ungeniuliza. Mimi nakaa mbali?"

Hakusema kwa ubaya. Akahesabu khanga zake, akalipa kumi kumi, bei ya Ijumaa. Ungetegemea yeye angalau aongeze. Hakuongeza. Ni somo wa binti yangu, na alipokea elfu mbili mbili zake kama wengine, akazifunga kwenye pindo. Nilimwangalia na nikaona kinyaa, kisha nikaona kinyaa na mimi mwenyewe kumwangalia hivyo, kwa sababu ningekuwa mimi, kitambaa kiko pale mlangoni, na mimi nisingeongeza.

Januari mtaji ulikuwepo na kodi haikuwepo. Binti yangu angeweza kulipa kodi kwa mtaji na kukaa kwenye fremu tupu. Mwenye fremu alitupa wiki mbili, kwa upole wake, na fremu akaichukua kijana wa vifuniko vya simu.

Tukaamua kilichobaki dukani, madera, vitenge kidogo na khanga za mchanganyiko, tukiuze kwa bei ya kununulia, kwa kuwa hatukuwa na mahali pa kuviweka. Na hapa ndipo naomba unielewe. Hili lilikuwa punguzo la kweli, sawasawa kama lile la kwanza la maua ya masufuria. Mali inaondoka, sababu iko wazi, mwisho uko wazi, mwenye mali anataka hela yake akaanze kwingine. Kama kuna siku kitambaa chekundu kilistahili kupanda, ni siku ile. Mkwe alikuwa anang'oa rafu kwa nyundo nyuma yetu, vumbi linatuangukia kichwani. Binti yangu alisimama mlangoni bila spika, akiwaambia wapita njia kwa sauti yake mwenyewe, tunafunga, njooni, bei ya kununulia.

Akaingia mwanamke mmoja, mteja wetu wa siku nyingi. Akafunua dera la bluu, akaliweka kifuani, akajiangalia kwenye kioo ambacho mkwe alikuwa bado hajakiondoa.

"Hili bei gani?"

Binti yangu akamtajia. Ilikuwa bei ambayo hajawahi kuisikia maishani mwake.

Akalikunja vizuri kabisa, akalirudisha juu ya lundo, akalisukuma kidogo chini ya mengine.

"Nitapita kesho," akasema.

"Kesho hatupo, dada. Tunafunga leo."

"Mnafunga leo," akarudia, akimwangalia mkwe na nyundo yake, akitabasamu kama mtu anayetaniwa na shemeji. "Haya. Basi nitapita Ijumaa."